AFYA NA IBADA: Sigara Baina ya Futari na Daku



Katika barua zilizotufikia mna moja itokayo Ipelele, katika milima ya Makete, mkoa wa Njombe. Mwandishi wake ni mpasua mbao, baba wa watoto, ambaye mara kwa mara hushuka na mzigo wake hadi Makambako. Anasema kwamba siku za kawaida huvuta sigara 15. Ifikapo Ramadhani hufunga mwezi mzima bila ya kuacha hata siku moja, na mchana kutwa hagusi moshi. Usiku huvuta 8 tu. Lakini Idd haijamaliza siku mbili, naye amekwisha kurudi kwenye 15 zake. Anauliza: “Ikiwa naweza kukaa bila ya sigara siku 30 kutoka alfajiri hata magharibi, mbona nikifungua nabaki mtumwa wake vile vile? Saumu yangu ina kasoro gani?”

Swali hili ni la watu wengi, na wengi huogopa kuliuliza. Basi tutalijibu kwa kirefu, na tunawaomba vijana walisome pamoja na baba zao.

Kwanza twasema kwamba hajakosea kudhani kuwa saumu ni mwanzo mwema wa kuiacha tumbaku. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba moshi wa sigara hufunguza, na ugoro wa kunusa pia. Kwa hiyo kila mvutaji afungaye hupata jambo ambalo wavutaji wengine duniani hulitafuta kwa taabu kubwa: sehemu kubwa ya siku isiyo na sigara, iliyowekewa mpaka wa asubuhi na mpaka wa jioni, na jamaa zake wote wamo katika mpaka huo huo. Nchini kwetu mpaka huo haubadiliki sana. Kwa kuwa tuko karibu na mstari wa Ikweta, saumu ya Njombe ni ya saa 13 hivi mwaka wote, ikizidi kidogo au kupungua kidogo, wala haifiki saa 18 kama saumu ya Ulaya wakati wa kiangazi. Kasoro basi haimo mchana. Kasoro imo usiku, nasi tutaitazama kwa hesabu.

HESABU YA SAA

Kitu kinachomfunga mvutaji katika tumbaku huitwa nikotini. Mtu avutapo, nikotini huingia mapafuni, ikachukuliwa na damu, ikafika ubongoni kwa muda wa sekunde chache tu. Kisha mwili huanza kuiondoa. Kwa wastani, kila saa 2 zipitapo, nusu ya nikotini iliyomo katika damu huwa imeondoka. Baada ya saa 2 imebaki nusu, baada ya saa 4 imebaki robo, baada ya saa 6 imebaki thumni, na kuendelea hivyo hivyo.

Sasa tumtazame ndugu yetu. Mwezi wa Machi kule kwao alfajiri huingia kama saa 11.30, na jua huchwa karibu na saa 1 ya jioni. Sigara zake 8 anazigawanya hivi: 2 mara tu baada ya tende na maji, 4 baina ya chakula na saa 4.30 ya usiku anapolala, na 2 wakati wa daku, ya mwisho akiizima dakika chache kabla ya adhana. Basi anaianza saumu damu yake ikiwa imejaa nikotini. Ifikapo adhuhuri imebaki kidogo. Ifikapo alasiri karibu imekwisha. Hapo ndipo huanza yale ambayo mkewe anayajua kuliko yeye: hasira isiyo na sababu, kutotulia, kichwa kizito, na kutoweza kuifikiri kazi iliyo mbele yake. Vijana siku hizi huiita hali hii arosto. Wengi huisingizia njaa, lakini watoto na wazee wasiovuta wana njaa ile ile wala hawana ghadhabu ile.

Dalili za kukosa nikotini huanza katika siku ya kwanza, hupanda, na huwa kali kabisa katika siku ya pili na ya tatu. Baada ya hapo hushuka kidogo kidogo, na kwa watu walio wengi huwa zimetulia baada ya wiki 2 hadi 4. Ni kama kupanda mlima wenye kilele kimoja: mwenye kukivuka kilele hukuta mteremko. Ndugu yetu hupanda mlima huo kila siku kuanzia adhuhuri, na kila siku magharibi, akiwa bado hajakifikia kilele, hurudi chini kwa sigara mbili. Kesho hupanda tena kutoka pale pale. Kwa siku 30 amepata taabu ya kuacha mara 30, wala hakupata faida ya kuacha hata mara moja. Hili ndilo jawabu la swali lake.

Wala asidanganywe na ile hesabu ya 15 kushuka mpaka 8. Mvutaji aliyepunguziwa idadi huvuta kwa nguvu zaidi pasipo kujijua. Hunyonya mara nyingi zaidi katika sigara moja, huushusha moshi chini zaidi, na huivuta mpaka kipisi kinapochoma vidole. Sigara 8 za namna hii zaweza kumpa nikotini na sumu karibu sawa na 12 za siku zote. Na ile ya kwanza baada ya adhana ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaangukia mwili uliokwisha kuizoea hali ya kukosa, na tumbo lililo tupu. Kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio baada ya sigara ya futari ni nikotini yenyewe ifanyavyo kazi yake. Mara nyingi uchovu wa saumu hausababishi hayo.

SAA 3 NA NUSU

Hebu sasa tuibadili hesabu kwa jambo moja tu. Tuseme ndugu yetu ameziacha zile sigara mbili za daku. Sigara yake ya mwisho ni ya saa 4.30 ya usiku. Analala. Anaamka kwa daku, anakula, anafunga. Saa 7 zimepita kabla saumu haijaanza, na nyingi katika hizo amezipitisha usingizini bila ya taabu yoyote. Inapoadhiniwa magharibi amekwisha kutimiza saa 20 na nusu. Ili siku nzima ya saa 24 itimie, zimebaki saa 3 na nusu tu, kutoka adhana ya magharibi hata saa ya kulala.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya mfungaji, nayo haonekani kuwa nayo mvutaji mwingine yeyote. Mtu asiyefunga akitaka kuacha, sharti apigane na nafsi yake tangu aamkapo hata alalapo, muda wa saa 16 au 17, kazini, barabarani, kilabuni, na baada ya kila kikombe cha chai. Mfungaji amekwisha kusaidiwa mchana wote kwa nia ya ibada, ambayo haina mjadala. Vita vyake ni vya saa 3 na nusu. Lakini vita hivyo havikwepeki, na mwenye kuvishindwa ameshindwa siku nzima.

MPANGO WA MWEZI

Twamshauri hivi, na kila mwenye hali kama yake aweza kuufuata.

Katika saumu 4 za mwanzo, aache sigara za daku peke yake. Zile za usiku aziache zilivyo. Akimaliza kula daku apige mswaki, asukutue, na asitoke nje mpaka wakati wa sala, maana ni kule nje gizani ndiko mkono ulikozoea kuutafuta mfuko.

Katika saumu ya 5, ya 6 na ya 7, asivute chochote kabla ya kuisha kwa Isha na tarawehe. Sigara ya kwanza baada ya kufungua ndiyo iliyoshika mizizi kuliko nyingine, kwa sababu ubongo umeifungamanisha na raha ya maji ya kwanza na tonge la kwanza. Ikiisha kutenganishwa na futari kwa muda wa saa 2, imekatwa mzizi wake mkubwa.

Kisha jioni ya saumu ya 7, jua linapokuchwa na usiku wa 8 unapoingia, ndipo aache kabisa. Asipunguze tena, asibakize hata moja ya kuagana nayo. Twasema hivi kwa kuwa jambo hili lilipimwa Uingereza, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016. Wavutaji karibu 700 waligawanywa mafungu mawili, wengine wakaacha kwa mara moja katika siku waliyoiweka, wengine wakapunguza kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2 kabla ya siku hiyo. Baada ya wiki 4, katika kila 100 walioacha kwa mara moja, 49 walikuwa bado hawajarudia. Na katika kila 100 waliopunguza kwanza, 39. Wiki moja tuliyoitaja hapo juu kazi yake ni kuihamisha sigara kutoka kwenye nyakati zake ngumu. Si ya kujizoeza kuishi na sigara chache.

Mbona iwe usiku wa 8, wala si siku ya mwisho ya mwezi kama wengi wanuiavyo? Kwa sababu ya Idd. Mwenye kuacha usiku wa 8 huvuka siku tatu kali za kwanza akiwa bado ndani ya ngome ya saumu, na hilali ya Shawwal inapoandama amekwisha kukaa wiki 3 na zaidi. Ugumu mwingi wa mwilini umekwisha kumtoka. Mwenye kuacha siku ya 28 huiingia Idd akiwa katika siku ya tatu, kileleni penyewe, na wageni wanamzunguka na moshi wao.

Usiku wa 8, wa 9 na wa 10 asiuache bila ya mpango. Afungue kwa tende na maji, asali magharibi, ale. Mara amalizapo kula ainuke. Asibaki ameegemea ukuta, kwani pale ndipo hamu humjia. Ashike mswaki. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mswaki ni makuruhu kwa mfungaji baada ya jua kupinduka, lakini usiku hauna ubaya wowote, nao huushughulisha mkono na mdomo vyote viwili. Hamu ya sigara huja kama wimbi, ikapanda, ikavunjika kwa dakika chache. Haibaki juu saa nzima kama mtu aogopavyo. Mwenye kujua hili hangoji hamu iishe siku nzima, hungoja dakika 5 tu. Kisha aende Isha na tarawehe. Waislamu wa upande wa Makete ni wachache, na msikiti waweza kuwa mbali; basi na asali nyumbani na mkewe na watoto wake, maana mtu asaliye na watoto hana nafasi ya kutoroka kwenda nje. Akienda msikitini, arudi kwa njia isiyopita kwenye duka liuzalo sigara moja moja. Ile sigara moja ya bei ndogo, inunuliwayo bila ya kufikiri na kuwashwa kwa kibiriti cha mwenye duka, imewarudisha wengi kuliko pakiti nzima.

KIPIMO CHA KUJIJUA

Mtu ataka kujua kifungo chake kina nguvu gani. Waganga wana swali moja ambalo huwafaa kuliko kuhesabu sigara: je, baada ya kuamka asubuhi, hupita muda gani kabla hujavuta ya kwanza? Mwenye kuvuta ndani ya dakika 5 amefungwa sana. Mwenye kungoja hadi dakika 30 amefungwa vya kutosha. Mwenye kukaa saa nzima na zaidi kifungo chake ni chepesi. Katika Ramadhani mfungaji aweza kujiuliza swali hilo hilo kwa adhana ya magharibi. Anayewasha kabla hajasali, tena kabla hajala, ajue kwamba mpango peke yake waweza usimtoshe, na asione haya kutafuta dawa.

Dawa zipo. Kuna kibandiko cha nikotini ambacho hubandikwa juu ya ngozi, kimoja kwa siku, nacho hutoa nikotini polepole bila ya moshi. Na kuna ubani wa kutafuna wenye nikotini. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Aulizie katika maduka ya dawa ya Njombe au Makambako, na mwenye maradhi ya moyo au mwanamke mwenye mimba amwone daktari kwanza. Ubani hufunguza, kwa hiyo ni wa usiku tu. Ama kibandiko, Baraza la Fiqihi la Kimataifa lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kwamba kinachopenya kwa njia ya ngozi, kama mafuta, marhamu na vibandiko vya dawa, hakifunguzi. Mwenye shaka na amwulize shehe wake, au akibandike baada ya kufungua.

BARIDI NA CHAI

Yako mambo mawili ambayo huwaangusha watu wa nyanda za juu hasa, nayo yafaa yaelezwe.

La kwanza ni baridi. Mtu wa Ipelele au wa Kitulo atakwambia kwamba sigara humpasha joto, na kwamba kwenye ukungu wa alfajiri mtu hawezi kushika msumeno bila ya kuvuta kwanza. Jambo lenyewe ni kinyume. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, na damu ikipungua vidoleni, vidole hupoa. Moto wa sigara huonekana karibu na mdomo, lakini mikono na miguu inazidi kuwa baridi. Tena moshi una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Na katika nchi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, hasara hiyo yaumiza zaidi. Hewa hiyo hutoka damuni kwa siku moja au mbili baada ya kuacha. Kwa hiyo mpasua mbao aliyevuka siku ya tatu huanza kuona pumzi yake inamtosha anapopanda mlima. Akitaka joto, avae fulana ya sufi na glavu, na anywe uji wa moto wakati wa daku.

La pili ni chai. Njombe ni nchi ya chai, na futari ya huko haikamiliki bila ya vikombe viwili vitatu vya rangi nzito. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liunguze kafeini, ile nguvu iliyomo katika chai na kahawa, kwa haraka zaidi kuliko kawaida. Mvutaji hunywa vikombe 4 usiku na kulala fofofo. Akiacha sigara, kwa siku chache ini hurudi kwenye mwendo wake wa asili, na vikombe vile vile 4 huwa kama vimeongezwa nguvu. Hapo hukosa usingizi, mikono hutetema, moyo humdunda, naye husema, “Mwili wangu umeikataa hali hii, sharti nirudie.” Sivyo. Mwili umeikataa chai nyingi. Basi tangu usiku wa 8 apunguze chai na kahawa kwa nusu, na asinywe baada ya tarawehe. Lakini asiikate chai yote siku ile ile, maana kukosa kafeini kwa ghafula nako huumiza kichwa, naye hatajua kichwa kinauma kwa sababu ipi.

NENO KWA WALIOMO NYUMBANI

Mama wa nyumba ajue tarehe iliyowekwa, na watoto wakubwa wajue. Siku mbili kabla yake, visahani vya majivu, viberiti vya mfukoni na pakiti zilizosahauliwa katika makoti viondolewe, na makoti yafuliwe. Katika siku tatu za mwanzo, baina ya alasiri na magharibi, asiletewe hesabu za ada ya shule wala mashitaka ya watoto. Hasira ya siku hizo haina mizizi, na haifai kujibiwa. Akikohoa zaidi kuliko zamani kwa siku kadhaa, aghalabu ni mapafu yanayojisafisha. Lakini kikohozi kikiendelea wiki 2, au kikiwa na damu, au akikonda na kutoka jasho usiku, aende zahanati apimwe kifua kikuu; asikisingizie sigara wala kuiacha sigara.

Atakula zaidi, na uzito waweza kuongezeka kilo kadhaa, hasa kwa futari ya vitumbua na kaimati. Wala hilo si sababu ya kurudia. Mwenye kisukari anayetumia dawa asianze saumu wala mpango huu bila ya shauri la daktari. Na mtu asiache sigara kwa kukimbilia ugoro au tumbaku ya kutafuna, kwani nikotini ni ile ile, na kamba ni ile ile iliyobadilishwa rangi.

IDD NA BAADA YAKE

Sasa twafika mahali ambapo ndugu yetu huanguka kila mwaka. Asubuhi ya Idd mpaka wa mchana umeondoka. Mtu amevaa kanzu mpya, amekula pilau, rafiki anamnyooshea pakiti na kusema, “Moja tu, ni Idd.” Mwili wake hauitaki tena kama zamani, lakini ubongo haujaisahau njia. Walio wengi katika wavutao moja hurudi kwenye desturi yao yote, na mara nyingi haichukui wiki nyingi. Ile moja haiwezi kuhesabiwa kuwa ndogo.

Kwa jambo hili sunna imetuwekea dawa mahali panapouma. Siku 6 za Shawwal zaweza kufungwa tangu siku ya pili ya mwezi. Mwenye kuacha tumbaku na azifunge mfululizo, kuanzia kesho yake ya Idd. Kwa namna hii siku ya hatari ni moja tu, nayo ni Idd yenyewe, ambayo amekwisha kuiwekea mpango: awaarifu rafiki zake mapema, azuru nyumba za wasiovuta kwanza, na mara baada ya kula aondoke na watoto wake. Baada ya siku 6 hizo, afunge Jumatatu na Alhamisi kwa miezi 2 au 3. Kila saumu ni mpaka mpya, na baina ya mpaka na mpaka hazipiti siku nyingi.

Na ikitokea ameteleza akavuta, asingoje Ramadhani ijayo. Jioni ile ile aitupe pakiti, anuie saumu ya kesho, na azihesabu saa zake tangu sigara ile. Akiizima saa 3 ya usiku, magharibi ya kesho atakuwa na saa 22. Zimebaki 2.

Wabillahi Tawfiq.